Ree ya Upanga ikitoka kwenye ugomvi wa hela, isome hivi

Kabla ya yote tuelewane majina. Sisi tuliozoea karata za kawaida tunajua kopa, uru, pau na shupaza, na hapa Uganda ukipita stage yoyote saa ya jua kali utakuta vijana wa boda wamekaa kwenye piki zao wanacheza matatu, sio matatu ya kupanda, ule mchezo wa karata. Wengi hawajui kwamba hayo majina yametoka kwa Wareno na ukiyafungua ni aina zile zile za karata za taroti, zile za kusomea watu mambo yao: kopa ni vikombe, uru ni dhahabu, pau ni fimbo, shupaza ni mapanga. Kwa hiyo Ree ya Upanga, vijana wanaiita esi, sio mgeni kabisa, ni ndugu mkubwa wa ree ya shupaza.

Mimi nasomea watu hapa Busia, upande wa Uganda, na mpakani watu hawagombani sana kuhusu mapenzi kama mnavyodhani. Wanagombana kuhusu hela. Nani alimpa nani ngapi, lini, na walisemaje siku ile. Hapo ndipo hii karata inatoka na watu wanaisoma vibaya, manake mtu akiona upanga na taji anaruka, "nimeshinda!" Bana, pole pole. Ntakuonyesha ninavyoisoma hatua kwa hatua, na ntatumia kesi moja ya mama mmoja na kijana wake wa boda, majina nimeyaacha.

Kesi yenyewe. Mama ana duka la unga na sukari, alinunua pikipiki akampa kijana, mtoto wa shemeji yake, kwa mpango ule mnaoujua wa kulipa hadi iwe yako. Elfu 75 kila wiki, wiki 100, jumla milioni 7 na laki 5, ikiisha mama anamwandikia logibuku, yaani hati ya umiliki wa piki, kwa jina lake. Karatasi waliandika, ukurasa mmoja wa daftari, mashahidi wawili. Sasa wiki 100 zimepita kwenye kalenda, kijana anadai logibuku, mama anasema bado wiki 12, yaani laki 9. Kijana akasema hata shilingi hadaiwi. Mama akamwita mwizi mbele ya stage nzima. Alafu akaja kwangu.

Swali kwanza, karata baadaye

Alivyokaa tu aliuliza, "Niangalizie, huyu mtoto ananiibia au haniibii?" Hilo swali mimi silichanganyii karata. Sababu ni moja: linamuuliza upanga kuhusu mtu mwingine, na karata ya upanga ukiielekeza kwa mtu ambaye hayupo itakupa tu hasira yako imevaa nguo nzuri. Nilimwambia, mama, toa jina la mtoto kwenye swali tuone kinachobaki. Ikatuchukua kama dakika kumi hivi, anasema hili narudisha, anasema lile narudisha, mwisho tukafika hapa: "Kuhusu hii laki 9, ni kitu gani sijakiangalia, niamue nini, na nimwambieje?"

Ukiona limegawanyika mara tatu ni makusudi. Ukweli, uamuzi, maneno. Karata tatu, moja kwa kila kipande, kushoto kwenda kulia, na unakubali kabla hujachanganya kwamba hutarudia. Hilo la kutorudia mtu aliseme kwa mdomo. Kwenye mambo ya ugomvi mtu akirudia mara ya pili ni kwa sababu ya kwanza haikumsifu, na akifika mara ya tano hakuna anachosoma tena, anatafuta wakili.

Zikatoka: Mbili ya Mapanga kwenye ukweli, Ree ya Upanga kwenye uamuzi, Tano ya Mapanga kwenye maneno. Karata tatu, zote za mapanga. Mama akasema, "Ni vita." Nikamwambia bado, hatujaangalia hata picha.

Iangalie picha kutoka chini kwenda juu

Natumia deki ya Rider-Waite, ile iliyotoka London 1909, Arthur Edward Waite ndiye aliyeielekeza na mchoraji ni Pamela Colman Smith. Ukiwa na deki nyingine inaweza kuwa picha ni tofauti, kwa hiyo yangu haya uyapime na ya kwako. Watu wengi macho yanakimbilia juu kwenye taji. Mimi naanzia chini.

Chini kuna milima mikavu, ina ncha, hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna mtu. Hiyo ndiyo sehemu ambayo upanga unafanyia kazi. Ree ya Upanga ikitoka kwenye ugomvi inakuambia kwamba mtakapofika kwenye ukweli patakuwa baridi kidogo, hakuna chai pale, msitegemee mtu atalia amkumbatie mwenzake. Nikimsomea mtu ambaye anachotaka hasa ni kuombwa msamaha namwambia mapema kwamba hii karata haina hiyo kitu, kama ingekuwa Ree ya Vikombe tungeongea mengine.

Juu yake kuna wingu na mkono unatoka ndani ya wingu, mkono peke yake, mwili hauonekani. Hapa ndio penye utamu. Wingu ndio yote ambayo hujui. Na mkono hauna uso, yaani upanga haujaandikwa jina la mtu. Waite na Smith wote wawili walipitia Golden Dawn, chama cha siri cha kule Uingereza, na kule hii karata ilifundishwa kama nguvu ya kuitwa, sio nguvu ya kuzaliwa nayo kama ile ya Ree ya Fimbo. Ukiita kitu unawajibika nacho. Ukisema "nataka ukweli" mbele ya hii karata umeuita, na ukija na jambo lako pia utalipokea.

Kuna vitone vya rangi ya njano vinadondoka kuzunguka mpini, viko sita, vitatu kila upande. Mimi nikiwa na kesi ya hela navisoma kwa njia yangu ambayo hutaikuta popote: vitatu ni vya mtu mmoja, vitatu vya mwingine, kila upande una haki ya kuleta vitu vitatu vinavyoshikika mkononi. Karatasi, risiti, mesej, shahidi aliyekuwepo. Sio hadithi. Hiyo ni kawaida yangu tu ya kazi, usimwambie mtu ati ni ya zamani.

Upanga wenyewe una makali mawili. Ntarudi hapo, manake ndio moyo wa jambo.

Alafu taji, na upanga umepita katikati yake. Kwenye taji yananing'inia matawi mawili, moja la mtende na lingine la mzeituni. Mtende watu wanausoma kama ushindi, mzeituni kama amani. Yananing'inia kwenye taji moja. Kwa hiyo uamuzi wa Ree ya Upanga ukiwa umempa mtu ushindi peke yake, bila kuacha mlango wa watu kuendelea kuishi mtaa mmoja, umeusoma nusu.

Mahali ilipoangukia kunabadilisha kazi yake

Ingekuwa imetoka nafasi ya kwanza, ya ukweli, ningemwambia mama kwamba kuna kitu kimoja kinachojulikana, kimeandikwa mahali, akakitafute kabla ya kuongea na mtu yeyote. Kwenye nafasi ya tatu, ya maneno, ningemwambia apunguze maneno hadi yabaki machache sana, kwa sababu pale kila neno linakata.

Ilitoka katikati, kwenye uamuzi. Hapo kazi yake ni hii: uamuzi lazima uingie kwenye sentensi moja, uwe na namba na uwe na siku. Kama huwezi kuuandika kwa sentensi moja bado uko ndani ya wingu. Na sentensi ile haiandikwi leo, mpaka karata ya kushoto imefanyiwa kazi yake.

Karata ya kushoto ni Mbili ya Mapanga, mwanamke amekaa amefungwa kitambaa machoni, ameshika mapanga mawili amepishanisha kifuani, nyuma yake maji na mwezi mwembamba. Ile sio karata ya uongo. Karata ya mtu anayeficha kwa kawaida ni Saba, yule jamaa anayenyata na mapanga matano mikononi ameacha mawili. Hapa hakuna Saba. Kuna mtu aliyefungwa macho, na inaonekana kama amekubali kufungwa. Nikamuuliza mama, "Umehesabu?" Akasema najua hesabu yangu. Nikasema sio hivo, umekaa chini na karatasi ukahesabu? Akanyamaza.

Toa wingu: hesabu ya mkononi

Kufikia hapa karata inawekwa pembeni, kabisa. Hakuna karata itakayokuambia wiki ya ngapi haikulipwa, na msomaji akikuambia anaiona kimbia. Karata imekuonyesha mahali pa kuangalia, kuangalia ni kwa macho yako.

Kijana alikuwa analipa kwa mobail mani. Mesej za kwenye simu ya mama nyingi zilishafutika, kwa hiyo nilimwambia aende ofisi ya huduma ya mtandao wake na kitambulisho, aombe statimenti ya kipindi chote tangu siku ya kwanza ya mkataba. Usihesabu kwa kukumbuka, na usihesabu kwa mesej zilizobaki kwenye simu, manake simu inafuta za zamani na utajikuta unamdai mtu hela alizokulipa. Alafu chukua daftari la duka, tafuta kila mahali alipolipa kesh. Na mkataba wenyewe, usome kama mgeni.

Alirudi baada ya siku nne. Mambo yalikuwa hivi. Kwenye statimenti kuna malipo 85 ya elfu 75 kutoka namba ya kijana. Kwenye daftari kuna matatu ya kesh, binti yake ndiye aliyapokea akasaini. Jumla 88. Kwa hiyo hesabu ya mama ilikuwa sawa, zimebaki 12, laki 9, na kijana alikuwa anahesabu kalenda badala ya kuhesabu malipo. Mama alikuwa anatabasamu. Akasema, "Si nilikuambia?"

Hapo ndipo mtu anasimama akidhani amemaliza, na ndio maana upanga una makali mawili.

Ukali wa pili ni wako

Nilimwambia sasa soma mkataba kwa sauti. Mstari wa sita au wa saba pale, maandishi yake mwenyewe: matengenezo madogo ni ya dereva, injini ikiharibika mwaka wa kwanza ni ya mwenye piki. Nikauliza, injini iliwahi kuharibika? Akasita kidogo. Ndio, mwezi wa nane tangu waanze, injini ilifunguliwa yote, kijana alikopa mahali akalipa laki 3 na elfu 40, akaleta risiti ya fundi, mama akasema tutaongea. Hawajawahi kuongea. Risiti ilikuwa kwenye kopo la biskuti dukani, aliileta kesho yake, imejaa alama za mafuta ya vidole vya fundi.

Kulikuwa na kitu cha pili. Wiki tatu pikipiki ilikaa kijijini kwa kaka yake mama, kulikuwa na msiba, mama mwenyewe ndiye aliichukua. Hapa tulibishana, mimi na yeye. Je, zile wiki tatu zipunguzwe kwenye deni? Nilichomwambia ni kwamba mkataba unauza piki kwa malipo 100, hauuzi kwa siku. Kwa hiyo zile wiki tatu hazijalipwa na haziwezi kugeuka kuwa zimelipwa, lakini vilevile hawezi kumlaumu kijana kwamba alichelewa katika zile tatu, kwa sababu piki hakuwa nayo. Zinamwondolea kijana lawama, hazimwondolei deni. Mtu mwingine anaweza kuamua tofauti, mkataba wao haukusema.

Kwa hiyo andika pande mbili kwenye karatasi moja, na upande wako uandike wa kwanza. Hii ni sheria yangu ambayo siiachii: mwenye kuuliza anaandika kosa lake kabla ya kosa la mwenzake. Mama aliandika hivi: nilitakiwa kulipa injini 340,000 sikulipa. Nilichukua piki wiki tatu. Nilimwita mwizi mbele za watu, na hakuiba. Hilo la tatu hakutaka kuliandika. Alishika kalamu muda mrefu, akaangalia barabara, lori la kwenda Kenya likapita, akaandika.

Upande wa kijana: malipo 12 hayajafika, sawa na 900,000. Basi.

Uamuzi uwe sentensi moja

Laki 9 toa laki 3 na elfu 40, inabaki 560,000. Ukiigawanya kwa elfu 75 ni wiki saba kamili na inabaki 35,000. Sentensi ya mama ikawa: "Unalipa 560,000 kwa wiki nane kama ulivyokuwa unalipa, wiki ya nane ni 35,000, na siku hiyo hiyo nasaini logibuku iwe yako."

Ona ilivyo. Kuna namba, kuna muda, kuna kile yeye anachotoa. Hakuna "nitafikiria", hakuna "ukinionyesha heshima". Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na "nikiridhika nitakupa logibuku", nikalifuta kwa kalamu nyekundu, manake neno nikiridhika ni wingu limerudi kwa mlango wa nyuma. Sasa rudi kwenye karata: mtende uko wapi? Mama anapata hela yake yote anayodai kihalali. Mzeituni uko wapi? Logibuku imewekewa siku. Yote mawili yapo, endelea.

Kama moja halipo, usiendelee. Nimeshaona mtu ameandika uamuzi wa mzeituni tupu, "basi tusameheane tu", baada ya miezi miwili ugomvi umerudi na umenenepa.

Maneno makali sio maneno machungu

Karata ya tatu ni Tano ya Mapanga. Jamaa anacheka ameshika mapanga matatu, mengine mawili yako chini, na watu wawili wanaondoka wamempa mgongo kuelekea majini, mawingu juu yamechanika. Ameshinda, na hana mtu. Ikikaa kwenye nafasi ya maneno inakuonya kuhusu namna utakavyoongea, na kwa mama huyu haikuwa onyo la mbele, ilikuwa imeshatokea, pale stage.

Hii ndio voisi aliyotaka kutuma kabla hajaja, alinisikilizisha, dakika tatu na kitu. Nikiifupisha: "Wewe mtoto nimekulea nimekulisha, leo unanila, hata marehemu baba yako angekuwepo angeona aibu, na hiyo piki nitaichukua usiku utaamka huioni, na mwambie mama yako pia…" Ndani yake kuna ukweli mmoja tu, kwamba kuna deni, na umezikwa chini ya baba, mama, chakula na tishio. Tishio lile lingemfikisha mbele ya polisi yeye kabla ya kijana.

Kukata kwa Ree ya Upanga ni kuondoa, sio kuongeza. Chukua ujumbe wako, piga mstari kila neno linalohusu tabia ya mtu, kila neno linalohusu ukoo, kila "siku zote" na kila "hata siku moja". Kinachobaki ndio upanga. Wa mama ulibaki hivi, alimpelekea kwa Wasap saa nne asubuhi, sio usiku:

"Salaam mwanangu. Nimehesabu kwa statimenti na daftari, malipo yamefika 88. Yamebaki 12, ni 900,000. Injini ulilipa 340,000 ilikuwa juu yangu, nimeitoa. Inabaki 560,000, wiki nane. Ukimaliza nasaini logibuku siku hiyo. Kukuita mwizi mbele ya watu nilikosea. Njoo Jumapili dukani na karatasi zako, kama kuna malipo sijayaona nionyeshe."

Ni mkali ule. Usome tena, hakuna mahali pa kukimbilia. Lakini hakuna neno ambalo kijana anaweza kulishika akasema, "Ona, ananitukana." Na ile sentensi ya mwisho ndio muhimu kuliko zote, kwa sababu upanga unampa na yeye mpini: lete vyako.

Kuhusu saa: usitume baada ya giza kuingia. Usiku mtu anasoma akiwa peke yake na anajibu akiwa na wenzake. Na ukishatuma usiongeze ya pili kuelezea ya kwanza.

Ikitoka imepinduka

Waite alisema Ree ya Upanga ikipinduka maana ni ile ile, nguvu ni ile ile, ila matokeo yake ni maafa. Mimi nakubaliana naye zaidi kuliko wale wanaosema ikipinduka ni "kuchanganyikiwa". Kuchanganyikiwa kupo, lakini kwenye ugomvi ninaiona zaidi kama mtu ambaye ana ukweli mkononi na ameushika upande wa makali. Dalili zake unazijua: anasema kitu cha kweli mahali pabaya, kama mama pale stage. Au ana ushahidi ameupeleka kwa kila mtu isipokuwa mwenye jambo. Au amejenga kesi nzima juu ya skrinshoti moja.

Ikipinduka, mimi nasimamisha uamuzi siku tatu. Sio kwa sababu ya nyota, ni kwa sababu siku tatu zinatosha kupata statimenti na kupunguza presha. Hesabu inaendelea, kutuma ndio kunasimama.

Pale ambapo karata haifiki

Usiende kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ukasema karata zimeonyesha. Pale unaenda na mkataba, statimenti, daftari, risiti na mashahidi, na umwache msomaji wako nyumbani. Mahakama ya LC inaweza kusikiliza kesi ya deni ambayo haizidi pointi 100, ambazo ni shilingi milioni 2 kwa kuwa pointi moja ni elfu 20, kwa hiyo laki 5 na elfu 60 hii ingeingia bila shida. Ikizidi hapo kuna utaratibu wa madai madogo kwenye mahakama za serikali, mpaka milioni 10, na hauhitaji wakili. Kama kuna mtu ameshatishia kupiga au kuchoma, hata karata usichanganye, nenda polisi.

Na kuna watu watakuambia huu ni uganga. Mtu wa dini akinijia namwambia ukweli: kama dhamira yako inakusumbua usisome, chukua tu ile sehemu ya kuhesabu na kuandika kosa lako kwanza, itafanya kazi bila picha.

Kosa jingine la wasomaji wenzangu, na hili linanikera, ni kuiona Ree ya Upanga wakamwambia mteja "una haki". Karata haijasema hivo. Mama alikuwa na haki ya 560,000 na hakuwa na haki ya 340,000, na angetoka kwangu na neno "una haki" angeenda kudai laki 9 yote kwa mdomo mpana, na kijana angetoa ile risiti mbele ya mwenyekiti.

Jumapili kijana alikuja. Alikuja na mjomba wake, amevaa kofia ya boda mkononi kama mkoba, na daftari lake mwenyewe dogo la mraba. Walihesabu juu ya gunia la sukari. Daftari lake lilikuwa na malipo 89. Moja zaidi. Mama akaanza kupandisha sauti, akajizuia, akauliza ni tarehe gani. Ilikuwa kesh, siku ya soko, na binti alikuwa amekwenda shule, aliyepokea ni mfanyakazi wa duka ambaye alishaondoka. Hakuna saini. Kijana akasema, "Shangazi, mimi nililipa, lakini saini sina."

Mama akaniambia baadaye kwamba alikaa akaitafuta ile picha kichwani, akaona tu milima. Akagawanya: elfu 75 ile kila mtu abebe nusu, 37,500. Ikabaki 522,500. Mjomba akaandika, wakasaini wote watatu, na kijana akatoa elfu 75 ya wiki ya kwanza pale pale, mama akamwita binti aje asaini kwenye daftari.